Neno Moja Katika Swali: Kisa cha Vioo Visivyovunjika

Kila askari aliyepata kuandika maelezo ya shahidi wa ajali amewahi kuuliza, "Magari yalikuwa yakienda kwa mwendo gani yalipogongana?" Mwaka 1974 wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, Bi. Elizabeth Loftus na Bw. John Palmer wa Chuo Kikuu cha Washington, walichapisha majaribio yaliyolipekua swali hilo lenyewe. Kwa ndugu zetu wa jeshi na polisi wanaojitayarisha kufanya mtihani wa mbinu za utafiti, sijaona mfano ulio karibu zaidi na kazi yetu.

Katika jaribio la kwanza wanafunzi 45 walioneshwa filamu fupi saba za ajali za barabarani, kisha wakaulizwa kuhusu mwendo wa magari. Walikuwa makundi matano ya watu tisa tisa, nayo maswali yao yalitofautiana kwa kitenzi kimoja tu. Wengine waliulizwa mwendo wa magari "yalipopondana", wengine "yalipogongana", wengine "yalipogusana", na kadhalika. Waliosikia neno la kupondana walikisia, kwa wastani, zaidi ya maili 40 kwa saa. Waliosikia neno la kugusana walikisia chini kidogo ya maili 32. Filamu ni zile zile.

Hapa mtahini atataka majina mawili. Kile ambacho mtafiti hukibadilisha kwa makusudi, yaani kitenzi, huitwa kigeu huru. Kile anachokipima baada ya hapo, yaani mwendo uliokisiwa, huitwa kigeu tegemezi. Mengine yote yanapaswa kubaki sawa kwa kila kundi, na hapo ndipo penye kazi ngumu.

Lakini mtu mwenye shaka aweza kusema kwamba neno halikugusa kumbukumbu ya shahidi. Lilimsukuma tu kutaja tarakimu kubwa wakati hana hakika. Shaka hiyo ni halali, na watafiti wenyewe waliiona. Ndiyo maana walifanya jaribio la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo bora.

Safari hii wanafunzi walikuwa 150, makundi matatu ya watu 50. Wote walitazama filamu moja ya ajali. Kundi la kwanza likaulizwa mwendo wa magari yalipopondana, la pili yalipogongana, na la tatu halikuulizwa lolote kuhusu mwendo. Wiki moja baadaye wote walirudi bila kuoneshwa filamu tena, wakapewa maswali kumi, na katikati yake limefichwa hili: Je, uliona vioo vilivyovunjika? Katika filamu havikuwamo vioo vilivyovunjika hata kimoja. Waliojibu kwamba waliviona walikuwa 16 katika kundi la kupondana, 7 katika kundi la kugongana, na 6 katika kundi ambalo halikuulizwa mwendo.

Hao sita ndio wanaostahili kuangaliwa kwa makini. Kundi la tatu ni kundi la udhibiti, yaani lile lisilopewa kinachojaribiwa, ili liwe kipimo cha kulinganishia. Tuseme halikuwapo. Mtafiti angeona watu 7 wa kundi la kugongana wakidai kuona vioo, naye angetangaza kwamba kuuliza mwendo, kwa neno lolote lile, hupanda kumbukumbu ya uongo. Kundi la udhibiti lamzuia: watu 6 kati ya 50 husema hivyo hata bila kuulizwa mwendo, pengine kwa kubahatisha au kwa kusahau. Kwa hiyo swali la kawaida halikuongeza kitu cha maana, bali neno zito liliongeza watu kumi.

Sasa tuvuke kutoka darasani hadi kituo cha polisi, maana ndiko tunakomwona adui mkubwa wa majaribio. Huyo ni kigeu kipotoshi: jambo la pili linalobadilika sambamba na lile linalojaribiwa, hata isijulikane lipi limeleta matokeo. Katika jimbo la Illinois, ripoti iliyotolewa mwaka 2006 ilieleza jaribio la gwaride la utambulisho lililofanywa na polisi wa Chicago, Evanston na Joliet. Njia ya zamani ya kumwonesha shahidi watu wote kwa pamoja ililinganishwa na njia mpya ya kumwonesha mmoja mmoja. Katika njia mpya, mashahidi zaidi ya 9 kwa kila 100 walimchagua mtu asiye mtuhumiwa; katika ile ya zamani walikuwa karibu 3 tu. Basi wengi walidhani njia mpya imeshindwa.

Msomaji makini na atazame jinsi magwaride yalivyosimamiwa. Katika njia mpya, askari msimamizi hakumjua mtuhumiwa ni yupi. Katika njia ya zamani alimjua. Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja! Askari anayemjua mtuhumiwa aweza, hata bila nia mbaya, kumwambia shahidi aliyemnyoshea kidole mtu mwingine, "Tazama vizuri, usiwe na haraka," na kosa lile lisiandikwe kamwe. Hakuna hesabu ya baadaye iwezayo kuyatenganisha mambo hayo mawili; dawa ilipaswa kutiwa kabla ya gwaride la kwanza. Utafiti mwingine wa Marekani, ulioripotiwa mwaka 2011, uliitia: kompyuta ilichagua kwa bahati nasibu njia ya kutumiwa, na katika njia zote mbili msimamizi hakumjua mtuhumiwa. Safari hii waliochagua mtu asiye mtuhumiwa walikuwa wachache zaidi katika njia ya mmoja mmoja. Wataalamu bado wanabishana juu ya njia iliyo bora, lakini angalau wanabishania jambo moja.

Yamebaki maneno mawili ambayo watahiniwa huyachanganya: uthabiti na uhalali. Turudi kwenye filamu za mwaka 1974. Nne kati yake zilikuwa na mwendo uliojulikana: moja maili 20, moja 30, na mbili 40. Wastani wa makisio ya wanafunzi, kwa zote nne, ulikuwa kati ya maili 36 na 40. Gari la maili 20 lilikisiwa karibu 38! Kipimo kinachotoa jibu lile lile kila kinapotumiwa kina uthabiti. Lakini kama jibu hilo halifuati ukweli, hakina uhalali. Bunduki inayopiga matundu yake yote pamoja, shubiri mbili kando ya shabaha, ni ya namna hiyo.

Uhalali una sura nyingine pia, nayo ni kama matokeo ya darasani yanafaa nje yake. Mwaka 1986 Bw. John Yuille na Bi. Judith Cutshall walichapisha uchunguzi wa mashahidi 13 wa tukio la kweli la risasi karibu na Vancouver, Kanada, waliohojiwa tena baada ya miezi minne hadi mitano. Kumbukumbu zao zilikuwa nzuri ajabu, na wengi hawakupotoshwa na maswali ya mtego. Je, hii yafuta kazi ya mwaka 1974? La. Mashahidi hao hawakupangwa kwa bahati nasibu. Waliokuwa na hofu kubwa zaidi ndio waliokuwa karibu zaidi na tukio, hivyo haiwezekani kujua kama waliona vizuri kwa sababu ya hofu au kwa sababu ya ukaribu. Tena waliokubali kuhojiwa upya walikuwa 13 kati ya 21, na wale wanane wasiohojiwa upya hatujui wangesema nini.