Maji Yakipata Moto Yaende Wapi?

Katika nyumba nyingi za Uingereza, joto la majira ya baridi hutoka kwenye maji. Boila huyapasha moto, pampu huyasukuma hadi kwenye radieta za kila chumba, nayo hurudi boila yakiwa yamepoa kidogo. Maji ni yaleyale mwaka hata mwaka, kwa kuwa mzunguko wake umefungwa pande zote. Taabu ni kwamba maji hutanuka yakipata moto. Lita 100 zilizojazwa zikiwa na nyuzi 10 za Selsiasi hukaribia lita 103 zikifika nyuzi 80.

Lita hizo tatu lazima zipate pa kwenda. Maji hayakubali kushindiliwa kama hewa, na chuma hakilegei vya kutosha. Zamani paliwekwa tangi dogo la wazi darini, maji yaliyozidi yakapanda humo. Mzunguko uliofungwa hauna nafasi hiyo. Badala yake una tangi la mtanuko, kopo la chuma ambalo ndani yake kuna utando wa mpira. Upande mmoja wa utando kuna hewa au naitrojeni iliyotiwa presha, na upande wa pili umeunganishwa na maji ya radieta. Maji yakitanuka huusukuma utando na kuibana ile hewa. Yakipoa, hewa huyarudisha.

Basi tangi liwe kubwa kiasi gani? Jibu linalomjia mtu upesi ni kwamba maji yakiongezeka lita 3.5, tangi la lita 4 linatosha. Halitoshi hata kidogo, kwa sababu hewa haiondoki ndani ya tangi. Inabanwa tu, na kadiri inavyobanwa ndivyo presha ya mzunguko mzima inavyopanda. Robert Boyle alieleza jambo hili mwaka 1662: hewa ikibaki na joto lilelile, ujazo wake ukizidishwa kwa presha yake hutoa jibu lisilobadilika. Ujazo ukipungua hadi nusu, presha huwa maradufu. Kwa hiyo tunachotafuta ni tangi ambalo hewa yake, baada ya kupisha lita 3.5 za maji, bado haijapandisha presha kupita kikomo.

Tuchukue nyumba ya ghorofa moja yenye radieta 14. Kwanza tujue ina maji kiasi gani. Tukikadiria lita 6.5 kwa kila radieta tunapata 91. Bomba la shaba la milimita 22 hubeba takriban theluthi moja ya lita kwa kila mita, hivyo mita 60 ni kama lita 19. Mita 50 za bomba la milimita 15 zinaongeza lita 7, na boila lita 3. Jumla ni lita 120. Mimi ningependa zaidi fundi asome mita ya maji siku ya kujaza, kwa sababu makadirio ya bomba zilizofichwa sakafuni hukosea kirahisi. Kutoka nyuzi 10 hadi 80, lita 120 zitaongezeka karibu lita 3.5.

Kisha tutazame presha, ambayo mafundi huipima kwa baa. Kila mita ya maji yaliyosimama huongeza karibu baa 0.1. Radieta ya juu kabisa iko mita 5 juu ya tangi, kwa hiyo baa 0.5 zinahitajika ili maji yaifikie tu. Hewa ya tangi tunaitia baa 1 ili kuwe na akiba, na mzunguko ukiwa baridi tunaujaza hadi baa 1.3. Ziada hiyo huingiza maji kidogo kwenye tangi tangu mwanzo, yapate kufidia yale yanayopotea polepole. Upande wa juu, valvu ya usalama hufunguka kwenye baa 3. Hatutaki kuikaribia, hivyo kikomo chetu ni baa 2.5.

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Geji ya boila husoma sifuri mahali ambapo tayari pana baa moja ya hewa ya dunia inayotuzunguka, ilhali kanuni ya Boyle inataka presha yote. Kila tarakimu ya geji lazima iongezwe 1 kabla ya kuingia kwenye hesabu: 1 inakuwa 2, 1.3 inakuwa 2.3, na 2.5 inakuwa 3.5. Anayesahau hatua hii hununua tangi dogo, huku karatasi yake ikimwambia yuko sahihi.

Boila nyingi za ukutani huja na tangi la lita 8 hivi ndani yake. Lita 8 mara 2 ni 16. Mzunguko ukiwa baridi, hewa hujaa 16 kugawanya kwa 2.3, yaani karibu lita 7. Kwenye kikomo hubaki 16 kugawanya kwa 3.5, yaani karibu lita 4.6. Tofauti ni lita 2.4, na hicho ndicho kiasi pekee cha maji ambacho tangi la lita 8 linaweza kupokea. Sisi tunazo 3.5.

Katika nyumba hii, geji ingepanda hadi baa 3 kabla boila haijafika nyuzi 80, na valvu ya usalama ingemwaga nusu lita au zaidi kupitia kijibomba kinachotokeza nje ya ukuta. Usiku maji yanapopoa, geji inaonyesha chini ya 1.3. Mwenye nyumba anaona imeshuka, anafungua maji ya kujazia, anairudisha 1.3. Kesho yake nusu lita nyingine inamwagika. Anayedhani bomba linavuja atabomoa sakafu bure. Na kila maji mapya huleta oksijeni mpya, nayo hula chuma cha radieta na kuacha tope jeusi linaloziba boila. Valvu yenyewe, ikifunguka mara kwa mara, hunasa uchafu na huanza kudondosha hata presha ikiwa ya kawaida.

Dalili hizohizo hutokea pia tangi la ukubwa wa kutosha likipoteza hewa yake. Ili kutofautisha, fundi huzima boila, huacha ipoe, kisha humwaga maji hadi geji isome sifuri. Ndipo huweka kipima presha cha tairi kwenye valvu ndogo ya tangi. Asipomwaga kwanza, atakuwa anapima presha ya maji yanayoibana ile hewa. Ikisoma chini ya baa 1, huongeza kwa pampu. Yakitoka maji hapo, utando umepasuka na tangi halifai tena.

Katika nyumba yetu utando ni mzima. Ila nafasi haitoshi. Tangi moja la lita 12 lingepokea lita 3.6, yaani lingeponea chupuchupu. Afadhali kuliacha lile la lita 8 na kuongeza la lita 12 kwenye bomba linalorudi boila, ambako maji yamepoa kidogo na hayaumizi mpira, bila valvu yoyote ambayo mtu anaweza kuifunga kati ya tangi na boila. Tangi kubwa kupita hitaji halina madhara zaidi ya bei na nafasi yake. Hewa ya tangi jipya irekebishwe iwe baa 1 kabla ya kulifungulia maji, kwa kuwa hutoka kiwandani na presha isiyolingana na kila nyumba.

Sasa jumla ni lita 20. Mzunguko ukijazwa hadi 1.3 ukiwa baridi, kisha boila ikaachwa ifike nyuzi 80, geji inapaswa kutua karibu na baa 1.9. Ikipita hapo kwa mbali, ama maji ya nyumba hiyo ni zaidi ya lita 120, ama moja ya matangi hayo mawili halina hewa ya kutosha.