Salo ndogo yenye giza: piga picha kwanza, kisha sogeza fotei

Mama mmoja muuza ndagala hapa Baraka alikuwa amekwisha kuongea na fundi atoboe dirisha la pili katika salo yake. Saa nne za asubuhi, inje jua kali, ndani mtoto anawasha taa ya sola ili asome. Usiku batri inakuwa imechoka. Ukuta wenyewe ni wa matofali ya udongo, na kuutoboa si mchezo. Tulimuomba atungojee siku moja tu, juu dirisha lenye liko halikuwa likifanya kazi yake yote.

Tulianza na simu. Jicho huzoea giza, na huzoea pia vitu. Ukikaa miaka mitano na kabati mahali pamoja, hauioni tena. Picha inakuonyesha kama mgeni anavyoona. Simama mlangoni, shika simu kwenye kifua, iwe wima bila kuinama, upige. Kisha nenda kwenye kona ya mbele yake, upige tena. Usiwashe mwanga wa simu. Kabla ya kupiga, gusa dirisha kwenye kioo, hapo kamera haitangaza giza kwa kukudanganya. Na usitumie ile namna ya kupanua picha, inafanya chumba kionekane kikubwa kuliko kilivyo.

Picha ya yule mama ilisema mambo matatu. Fotei kubwa ilikuwa chini ya dirisha, na mgongo wake unapanda mpaka sentimeta 95, wakati dirisha linaanzia 70. Dirisha lenyewe lina metre moja ya urefu kwenda juu, kwa hiyo fotei ilikuwa inakula robo nzima. Kabati ndefu ilikuwa pembeni ya dirisha, kwenye ukuta ule ule, ubavu wake unakata mwanga usifike kona ya ndani. Na kwenye sima kulikuwa alama za miguu: kutoka mlango wa inje mpaka mlango wa vyumba, watu walikuwa wanazunguka kama mto unaokwepa jiwe.

Lakini picha haipimi. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanahamisha vitu vizito mara tatu na kurudisha. Chukua kaye ya miraba. Kwa kaye nyingi miraba miwili ni sentimeta moja. Kila mraba uhesabu kama sentimeta 10 za chumba. Salo ya mama ina metre 4 kwa 3, basi ni miraba 40 kwa 30. Chora milango na dirisha, ukate vipande vya karatasi kwa kipimo cha kila fotei, uvisogeze na kidole.

Fotei kubwa (sentimeta 190) tuliipeleka ukuta wa mbele ya dirisha, wenye kukaa watazame mwanga. Kabati, yenye kina cha 45, ikaenda kona ya ndani, kwenye ukuta unaotazama mlango, na vioo vyake vikaanza kurudisha mwanga. Mbele yake tuliacha 80 ili milango yake ifunguke. Fotei ndogo ni 80. Jumlisha: 45, 80, 190, 80, ni 395 ndani ya 400. Fotei ndogo ya pili haikupata nafasi, na mama hakufurahi hata kidogo, juu alizinunua kama seti.

Upana nao: fotei 85, nafasi ya magoti 40, meza ya katikati 50. Zinabaki 125 chini ya dirisha, na hiyo ndiyo njia sasa, imenyooka mlango kwa mlango. Mtu mwenye beseni kichwani anahitaji angalau 60, basi anapita bila taabu. Mtoto anakaa kwenye ncha ya meza, dirisha likiwa upande wake wa kushoto. Anaandika kwa mkono wa kuume, kivuli cha mkono hakianguki kwenye kaye.

Kesho yake, saa nne ile ile, tulipiga tena kutoka mlangoni, tukigusa dirisha kama mara ya kwanza. Ni lazima saa iwe moja, la sivyo unalinganisha jua, haulinganishi fotei. Kona ya ndani, iliyokuwa nyeusi tupu, ilionyesha mpaka sahani ndani ya kabati.

Saa kumi na moja ya jioni ni habari ingine. Baraka iko na ziwa mashariki na milima magharibi; jua linajificha mapema nyuma ya milima, na hakuna fotei ya kuhamisha mlima. Jioni taa inawashwa kama zamani, ila batri inakuwa bado iko na nguvu. Fundi aliambiwa asubiri. Fotei ya pili iko barazani kwa sasa, na mama anatafuta mwenye kuinunua peke yake.