Chapati za Jioni Kabla ya Barua ya Kuacha Kazi

Anayejua kusukuma chapati hakosi mtu ofisini wa kumwambia, "Dada, ukifungua biashara utatajirika." Maneno hayo hayamgharimu msemaji hata senti, ndiyo maana hayafai kupimia soko. Mteja wa kweli hulipa kabla ya kupelekewa mzigo, na wiki inayofuata anaagiza tena bila kukumbushwa.

Tuchukue mfano wa karani wa Dar es Salaam anayelipwa shilingi 800,000 kwa mwezi, anayetaka kuuza chapati zilizogandishwa, pakiti ya chapati 10. Kishawishi cha kwanza ni kukopa anunue friza kubwa. Asubiri. Friza ya jokofu la nyumbani hubeba pakiti chache, na kwa kuanzia chache zinatosha. Aweke picha na bei kwenye stetasi yake ya WhatsApp, achague siku moja ya kupeleka, tuseme Ijumaa, na oda aihesabu pesa ikishaingia kwenye simu. Wa "niwekee, nitalipa mshahara ukitoka" asiwaandike kabisa. Kabla ya hayo yote asome mkataba wake wa kazi, kwa kuwa waajiri wengine hukataza shughuli ya pembeni au huitaka itolewe taarifa.

Sasa daftari. Tuseme anauza pakiti kwa shilingi 6,000. Unga, mafuta, gesi na mfuko vinamla 3,700, na bodaboda ya kumfikia kila mteja 1,000. Inabaki 1,300. Pakiti tano zinamchukua jioni nzima, saa nne za kukanda, kusukuma, kuchoma na kufunga, kwa hiyo saa moja ya jasho lake inalipwa kama shilingi 1,600. Kazini, kwa wiki ya saa 45, saa yake ni kama 4,100. Chapati zinakwisha, wateja wanasifia, na bado hiyo si biashara ya kumtoa mtu kazini. Wengi huishia hapa bila kujua, kwa sababu hawakuandika saa zao popote.

Dawa ni kuijaribu bei mapema, wakati mshahara bado unaingia. Apandishe pakiti hadi 7,500 na mzigo wote upelekwe kwa safari moja, wateja wa mtaa mmoja wachukulie kwenye duka walilokubaliana. Bodaboda ikiwa 3,000 kwa pakiti tano, kila pakiti inabeba 600, na faida inafika 3,200. Saa yake sasa ni 4,000, karibu sawa na ya ofisini. Wateja wengine watamkimbia. Afadhali wamkimbie sasa.

Kuna mtego mwingine, nao ni wateja wa kazini. Kuwapelekea hakuna nauli, kwa maana anakwenda huko kila siku, na baadhi yao hununua kwa kumwonea haya. Siku akiacha kazi, nauli hiyo ya bure inakufa na haya inakufa. Hao awaandike ukurasa wao, na uamuzi autoe kwa ukurasa wa watu baki. Tena asidanganyike na wiki ya mshahara. Mauzo ya kuaminika ni ya kati ya tarehe 15 na 22, mifuko ikiwa mitupu; ayaone kwa miezi miwili mitatu mfululizo. Mwezi wa Ramadhani hauhesabiwi peke yake.

Mshahara nao una vitu visivyoonekana kwenye simu siku ya malipo. Mwajiri akimchangia NSSF asilimia 10, hizo ni 80,000 za kila mwezi, bado bima ya afya. Kwa hiyo shabaha yake ni 880,000 na zaidi, si 800,000. Kwa faida ya 3,200 hizo ni pakiti 275 kwa mwezi, yaani chapati zaidi ya 600 kila wiki. Mikono miwili itachoka, na msaidizi akiajiriwa, faida inapungua tena.

Kwa jioni zake hawezi kupika kiasi hicho, kwa hiyo asitazame anachouza tu, atazame na oda anazozikosesha. Watu baki wakilipia Ijumaa ijayo kwa sababu ya wiki hii imejaa, na foleni hiyo ikadumu hata katikati ya mwezi, hapo achukue TIN, ambayo TRA huitoa bila malipo, aulizie TBS masharti ya vyakula, na aandike barua. Kwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, sheria ya Tanzania inataka notisi ya angalau siku 28. Foleni isipokuwepo, aendelee na ukarani, na chapati ziwe za kulipia ada ya shule.