Ada ndogo, riba ya mwaka mzima

M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, mkopo wa siku 30 ulitozwa ada ya asilimia 7.5. Ukikopa shilingi 1,000, unarudisha 1,075. Shilingi 75 zinaonekana kidogo, lakini benki hutaja riba yake kwa mwaka, kwa hiyo huwezi kulinganisha mpaka ugeuze ada hiyo.

Gawanya ada kwa fedha ulizopokea: 75 kwa 1,000 ni asilimia 7.5. Kisha zidisha kwa 365, ugawanye kwa siku za mkopo, yaani 30. Jibu ni asilimia 91.25 kwa mwaka.

Angalia sana idadi ya siku. Ada isipopungua ukilipa mapema, ukarudisha fedha baada ya siku 10, riba hiyo inapanda hadi karibu asilimia 274, maana umelipa shilingi zile zile kwa muda mfupi zaidi.

Wakopeshaji wengine hukata ada mwanzoni. Hapo unapokea 925 na kurudisha 1,000, kwa hiyo gawanya 75 kwa 925: riba ni karibu asilimia 98.6. Kabla ya kukubali mkopo, hesabu kwa fedha zitakazoingia kwenye simu yako.