Tangazo la Mlangoni: Kwa Nini Saa ya Asubuhi Imeondolewa

Katika hospitali nyingi za Tanzania, ndugu wa mgonjwa wamezoea kuingia wodini mara tatu kwa siku: alfajiri kabla ya kazi, mchana, na jioni. Hospitali inapopunguza nafasi hizo, saa ya alfajiri inaweza kuwa ndiyo inayoondolewa. Karatasi hubandikwa mlangoni, mlinzi hupewa maagizo, na asubuhi ya kwanza lawama hujaa getini. Katika wodi ya upasuaji, tangazo la namna hiyo likiandikwa vizuri husomeka hivi:

“TANGAZO KWA NDUGU WA WAGONJWA. Kuanzia Jumatatu, muda wa kuona wagonjwa wa saa 12:00 hadi saa 1:00 asubuhi hautakuwepo. Mtaingia saa 6:00 hadi saa 8:00 mchana, na saa 10:00 hadi saa 12:00 jioni. Sababu: wagonjwa wanaosubiri upasuaji wanalishwa asubuhi, na upasuaji wao unaahirishwa. Chai na uji wa wanaoruhusiwa kula vitapokelewa na muuguzi hapa mlangoni.”

Sababu hiyo huwachoma wengi. Tangu lini kumlisha mgonjwa kukawa kosa? Shangazi ameamka saa 10 za usiku, amekoroga uji wa ulezi, amepanda daladala mbili na chupa ya chai mapajani. Anajua ndugu yake atapasuliwa leo, na kwake hiyo ndiyo sababu ya kumhimiza ale: atakwenda kukatwa akiwa na tumbo tupu, nguvu atazitoa wapi?

Hatari yenyewe iko kwenye dawa ya usingizi. Mtu aliyelala usingizi wa kawaida bado ana ulinzi wa koo. Mate yakimpalia, anakohoa na kuamka. Dawa ya usingizi huuzima ulinzi huo, na mlango wa juu wa tumbo nao hulegea. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda hadi kooni na kushuka kwenye mapafu bila mgonjwa kukohoa hata mara moja. Mwaka 1946 daktari wa New York, Curtis Mendelson, aliandika kuhusu akina mama waliopatwa na jambo hilo wakijifungua chini ya dawa ya usingizi. Kati ya wajawazito zaidi ya 44,000 alipata 66. Wawili walikufa kwa kuzibwa pumzi na chakula kigumu. Wale walioingiwa na majimaji walipata madhara ya namna nyingine, kwa sababu asidi ya tumbo huunguza mapafu. Masharti ya kukaa bila kula tunayoyaona wodini leo yana mizizi yake hapo.

Masharti yenyewe ni ya saa, na hutofautiana kulingana na kilicholiwa. Maji matupu, au chai ya rangi isiyo na maziwa, huondoka tumboni haraka, kwa hiyo huruhusiwa hadi saa mbili kabla ya dawa ya usingizi. Maziwa ya mama kwa mtoto mchanga ni saa nne. Chai ya maziwa, uji na mkate ni saa sita, maana kwa tumbo maziwa na uji ni chakula hata kama vinanyweka. Chakula chenye mafuta mengi, kama chapati, maandazi au nyama ya kukaanga, kinahitaji saa nane au zaidi.

Tumchukue mzee mwenye ngiri, aliyepangiwa upasuaji saa 4:00 asubuhi, wa pili kwenye orodha. Jana alikula wali saa 1:00 usiku, kisha muuguzi akamwambia asile tena. Maji anaruhusiwa hadi saa 2:00 asubuhi. Mpaka hapo hana tatizo. Saa 12:20 asubuhi binti yake anaingia. “Baba, kunywa chai kidogo, upate nguvu.” Mzee anakunywa kikombe cha chai ya maziwa na kula nusu chapati. Saa zimeanza kuhesabiwa upya. Kwa chai peke yake asingeweza kuingia kabla ya saa 6:20 mchana, na kwa ile chapati ni saa 8:20. Kufika hapo orodha ya siku inakaribia kwisha, na chumba kinahitajika kwa mama anayeletwa kwa upasuaji wa dharura wa uzazi. Mzee anarudishwa wodini. Anaambiwa kesho, na mara nyingine wiki ijayo, kwa sababu orodha ya kesho ilikwishajaa.

Hasara haiishii kwake. Orodha ya upasuaji haipangwi ovyo: kwa kawaida watoto na wenye kisukari hutangulizwa kwa kuwa hawavumilii njaa, na wenye vidonda vyenye usaha huwekwa mwisho. Wa pili akitoka ghafla, wa tatu huenda hajawekewa dripu au damu yake haijaletwa, na wataalamu wote husimama wakimsubiri.

Wapo wanaosema, “Lakini yeye atachomwa sindano ya mgongo tu, halali.” Masharti ni yale yale. Sindano ya mgongo isipokamata vizuri, mgonjwa hulazwa usingizi palepale, tena tumbo likiwa tayari limefunguliwa.

Baya kuliko kuahirishwa ni kuficha. Mtaalamu wa usingizi huuliza kila mgonjwa amekula nini na saa ngapi. Mzee anayeogopa kurudishwa, au asiyetaka binti yake agombezwe, hujibu kwamba hajala. Hapo hakuna kipimo cha kawaida kitakachomuumbua kabla hajalazwa. Binti aliyemlisha baba yake na akamwahi muuguzi kumwambia ukweli amemkinga na hatari kubwa.

Zipo sababu nyingine za kuondoa saa ya alfajiri. Wenye kisukari hupimwa sukari kabla ya kula, na kikombe cha chai yenye sukari huharibu kipimo ambacho kiwango cha insulini hupangwa kwacho. Baadaye kidogo zamu ya usiku hukabidhi zamu ya asubuhi, wauguzi wakipita kitanda kwa kitanda na kutaja hali ya kila mtu kwa sauti. Ndugu wa kitanda cha 6 hana haki ya kusikia ya kitanda cha 7.

Hata hivyo, hospitali inayoondoa saa hiyo ina deni. Katika wodi zetu ndugu ndiye anayeleta chai, anayemwogesha mgonjwa, anayemgeuza asipate vidonda vya mgongo. Wodi yenye wauguzi wawili na wagonjwa 40 haiwezi kuifanya kazi hiyo yote peke yake. Tangazo linalofunga mlango bila kusema chai itapokelewa wapi na nani, na bila kumwachia msaidizi mmoja mgonjwa asiyejiweza, litawafanya watu wapenye kwa kumbembeleza mlinzi, na chapati itaingia tu. Msaidizi akiruhusiwa, aambiwe waziwazi mgonjwa wake hali leo, na kibao kitundikwe kitandani ambapo hata msaidizi wa kitanda cha jirani atakiona, kwa kuwa ukarimu wa wodini nao hulisha watu.

Nao ndugu wana haki ya kuuliza. Wagonjwa wengi hukatazwa kila kitu, maji pia, tangu usiku wa manane, hata yule atakayepasuliwa saa 8 mchana. Huko ni kumtesa bila sababu: anakaukiwa, kichwa kinamuuma, na mshipa wa kumwekea dripu unakuwa shida kuupata. Jioni, kabla muda wa kuona wagonjwa haujaisha, muulize muuguzi maswali mawili: “Sista, mgonjwa wetu ni wa ngapi kesho? Na maji anaruhusiwa hadi saa ngapi?” Jibu mwandikie mgonjwa kwenye karatasi na uiache kando ya kitanda. Orodha ikibadilika asubuhi, muuguzi wa zamu ataisahihisha hapo hapo.