Una kifafa na unataka mtoto? Muone daktari kabla ya mimba

Rehema (tumwite hivyo) ana miaka 26. Ameolewa mwaka jana, na kwa miaka miwili hajaanguka kifafa kwa sababu kila siku anameza sodiamu valproeti. Sasa yeye na mumewe wanataka mtoto. Mama mkwe amemshauri aache dawa, "zisije zikamdhuru mjukuu wangu."

Hofu ya mama ina msingi. Kati ya watoto 100 ambao mama zao walitumia valproeti wakiwa wajawazito, takriban 10 huzaliwa na kasoro kubwa, kama mgongo wazi. Kwa wajawazito kwa jumla ni watoto 2 au 3. Aidha, watoto 30 hadi 40 kati ya 100 hao huchelewa kuongea, kutembea au kujifunza.

Lakini kuacha ghafla ni hatari zaidi. Degedege linaweza kurudi mfululizo bila kukoma, likaua mama na mtoto.

Njia salama ni kubadilishiwa dawa na daktari, kwa kawaida lamotrijini au levetirasetamu, ambazo madhara yake kwa mtoto ni machache zaidi. Mtu anayetumia valproeti huanza lamotrijini kwa miligramu 25 kila baada ya siku moja, kwa wiki mbili, kisha dozi hupandishwa polepole huku valproeti ikipunguzwa. Valproeti huchelewesha lamotrijini kutoka mwilini, hivyo haraka inaweza kuleta vipele vikali. Rehema akiona vipele, arudi hospitali siku hiyohiyo.

Kazi hii huchukua miezi, na ni vizuri kusubiri hadi ionekane dawa mpya inazuia kifafa. Wakati huo atumie kitanzi au kondomu. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupunguza nguvu ya lamotrijini.

Pamoja na hayo, daktari humwandikia asidi ya foliki miligramu 5 kila siku, kuanzia angalau miezi mitatu kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Kusubiri kliniki ni kuchelewa.

Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki havitoshi, kwani vina asidi ya foliki chini ya nusu miligramu. Usivimeze vingi kufidia. Madini ya chuma yatazidi. Asidi ya foliki pia haifuti madhara ya valproeti.

Akishika mimba, lamotrijini hupungua kwenye damu, hivyo huenda dozi ikaongezwa. Na kama wewe tayari una mimba na unatumia valproeti, endelea kuimeza, lakini muone daktari leo.