Kufuli Mbili, Milango Miwili

Ukipata nafasi ya kuchungulia barua pepe za mawakili wawili wanaovutana juu ya kesi, utaona kwamba kabla hata ya salamu kuna mstari wa herufi kubwa: WITHOUT PREJUDICE & SUBJECT TO CONTRACT. Siku hizi mstari huo umetoka ofisi za mawakili ukaingia mitaani. Mwenye duka la saruji akimwandikia mdaiwa wake anaubandika. Mpangaji anayegombania amana yake anaubandika pia. Unavaliwa kama hirizi: alimradi upo juu, chochote kilicho chini kiko salama.

Si kweli. Mle ndani mna kufuli mbili, na kila moja ina mlango wake. Ya kwanza, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita "bila kuathiri haki", inafunga masikio ya hakimu. Ya pili, "kwa sharti la mkataba", inazuia fundo lisikazwe kabla ya wakati wake. Anayetumia moja akidhani ametumia zote mbili huacha mlango mmoja wazi usiku kucha.

Tuchukue mfano. Fundi wa aluminiamu amefunga madirisha ya nyumba ya ghorofa huko Nyali, Mombasa, na anadai shilingi 1,850,000 zilizobaki. Mwenye nyumba hataki kulipa, anasema mvua ikinyesha maji yanaingia sebuleni. Wameshatishana kwenda mahakamani. Jioni moja fundi anaandika barua pepe: "Ndugu yangu, madirisha 6 ya upande wa bahari nakiri silikoni haikukaa vizuri. Nilipe 1,200,000 tuyamalize."

Barua hiyo ina vitu viwili vya hatari. Kuna kukiri kosa, na kuna ofa. Kufuli ya kwanza inahusu kukiri. Kama fundi ameandika juu yake "bila kuathiri haki", na mazungumzo yakavunjika, mwenye nyumba hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema, "Mheshimiwa, huyu mwenyewe kaandika kwamba madirisha 6 ni mabovu." Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, haipokei katika kesi ya madai maneno ya kukiri yaliyotolewa kwa sharti kwamba yasitolewe ushahidi, au katika mazingira yanayoonyesha kwamba pande mbili zilielewana hivyo. Kanuni hii ina mizizi yake katika mahakama za Uingereza, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: watu wakijua kila neno la suluhu litawarudia kortini, hakuna atakayethubutu kusema ukweli wake mezani.

Ulinzi huu ni wa wote wawili. Fundi akibadilisha nia kesho, akaona barua zile zingemsaidia, hawezi kuuvua peke yake. Ni lazima na mwenzake akubali.

Lakini angalia sheria inalinda nini hasa. Inalinda jitihada ya kweli ya kumaliza mgogoro. Maneno yale juu ya barua ni ishara tu. Hakimu anatazama kilichomo. Barua ya matusi na vitisho isiyo na ofa yoyote haigeuki kuwa ya suluhu kwa sababu imevalishwa kichwa. Na kinyume chake ni kweli: barua ya suluhu isiyo na kichwa chochote inaweza kulindwa, ila utatumia muda na pesa kumshawishi hakimu kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Na pasipo mgogoro hakuna cha kulinda. Hapo ndipo wadaiwa wengi wanapoumia. Mwaka 2006 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, iliyokuwa ndani ya Bunge la Mabwana, ilimhukumia mkopeshaji Bradford & Bingley dhidi ya mdaiwa aitwaye Rashid. Nyumba ya mdaiwa ilikuwa imeuzwa na mkopeshaji, fedha hazikutosha, na deni lililobaki lilikaa miaka mingi karibu life kwa kupitwa na muda. Kisha kituo cha ushauri kikaandika kwa niaba yake kueleza hali yake ngumu na kuomba nafuu katika kulipa. Baadaye ikadaiwa kwamba barua hizo zilikuwa za mazungumzo na zisisomwe. Mahakama ikakataa. Mdaiwa hakuwa anabisha kwamba anadaiwa. Alikuwa anaomba aonewe huruma. Barua zikasomwa kama kukubali deni, na saa ya kushtaki ikaanza kuhesabu upya.

Kwetu Kenya deni la mkataba kwa kawaida hufa baada ya miaka 6, na kulikubali kwa maandishi yenye saini kunaweza kulifufua. Kwa hiyo yule anayeandika "najua unanidai, nivumilie hadi Disemba" asitarajie kwamba kichwa cha herufi kubwa kitamfichia maneno hayo.

Turudi Nyali. Tuseme fundi aliandika "bila kuathiri haki" peke yake. Asubuhi mwenye nyumba anajibu neno moja: "Nimekubali." Fundi anafurahi, halafu mke wake anamuuliza: hizo pesa zinakuja lini? Kwa mkupuo au kwa awamu? Na yale madirisha mengine yakivuja mwakani, atarudi kukudai? Fundi anatafuta simu aandike kwamba bado kuna mambo ya kuelewana. Amechelewa. Ofa ilitolewa, ikakubaliwa, na kwa kazi ya namna hii sheria haidai karatasi yenye mhuri ndipo mkataba uwepo. Barua pepe mbili zinatosha.

Sasa utauliza: si barua zile zimefungwa, hakimu hazioni? Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Kufuli ya kwanza ina tundu lililotobolewa makusudi. Ubishi ukiwa ni kama suluhu ilifikiwa au la, hakimu huzifungua barua na kuzisoma, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kujua watu walikubaliana nini. Mazungumzo yaliyoshindwa hubaki sirini, na yaliyofaulu hutoka nje yakawa mkataba.

Tundu hilo ndilo linalozibwa na maneno ya pili. "Kwa sharti la mkataba" yanasema: tunaongea, tunaweza hata kuelewana juu ya kila shilingi, lakini hakuna aliyefungwa mpaka hati rasmi itiwe saini. Fundi angeyaandika, "Nimekubali" ya mwenye nyumba ingekuwa hatua tu njiani, na maswali ya mke yangepata nafasi ndani ya hati. Yana bei yake, na mteja ni vizuri aambiwe mapema: mwenye nyumba naye anakuwa huru. Anaweza kuamka kesho akasema amebadili mawazo, na fundi hana cha kumshika.

Bei hiyo ililipwa waziwazi katika kesi moja ya London ambayo mimi naiona ndiyo mwalimu mzuri kuliko yote. Kampuni ya Joanne Properties ilikuwa na jengo eneo la Wandsworth na ilikopa kwa Moneything Capital kwa rehani ya jengo hilo. Deni likaleta ugomvi. Wakaafikiana jengo liuzwe na pauni 140,000 zitengwe kando mpaka ijulikane nani achukue kiasi gani. Mawakili wa pande mbili wakaanza kuandikiana jinsi ya kuzigawa, wakiweka juu ya barua zao maneno yale yote mawili. Idadi zikafika mahali zikakutana. Moneything wakasema, basi, tumemaliza. Jaji wa kwanza akawaunga mkono.

Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaipindua hukumu hiyo. Jaji Lewison alieleza kwamba sharti likishawekwa mwanzoni mwa mazungumzo, linayafunika yote yanayofuata, hata barua ambayo mtu amesahau kuliandika tena. Haliondoki mpaka pande zote zikubali waziwazi kuliondoa, au matendo yao yasiwe na maana nyingine yoyote. Kukutana kwa idadi si kuliondoa sharti. Hati ya mwisho haikuwa imetiwa saini, kwa hiyo hapakuwa na suluhu. Kilichonivutia ni kwamba waliobishana kortini juu ya maneno hayo ni pande zilizokuwa na mawakili, watu wanaoyaandika kila siku. Nadhani kwa sababu yanaandikwa kila siku, yameacha kusomwa.

Kuyaweka ya pili bila ya kwanza nako kuna hatari yake. Fundi akiandika "kwa sharti la mkataba" peke yake, hajafungwa na ofa yake, lakini ile sentensi ya madirisha 6 imebaki uchi. Huenda hakimu akaona mwenyewe kwamba ni mazungumzo ya suluhu akailinda. Huenda asione. Na ikiwa hakuna mgogoro wowote, kwa mfano watu wawili wanapatana tu bei ya lori, maneno ya kwanza hayana kazi pale. Ya pili pekee ndiyo yanayohitajika. Kwa ununuzi wa ardhi, sheria ya mikataba ya Kenya imeshafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, maana inadai maandishi, saini za wahusika na mashahidi wa saini hizo. Ni katika bidhaa, kazi za mkono na suluhu za madeni ndipo mtu hujifunga kwa simu akiwa ndani ya matatu.

Sharti linaweza pia kuvuliwa kwa mikono bila mdomo kusema neno. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya RTS, watengenezaji wa mitambo, na Müller, kampuni ya mtindi. Rasimu yao ilisema mkataba hautakuwa na nguvu mpaka utiwe saini na kubadilishana nakala. Saini haikuwekwa kamwe. Lakini mambo ya msingi yalikuwa yameafikiwa, mitambo ikajengwa, pesa zikalipwa. Mahakama ikasema mkataba upo, na sharti lao la saini walishalitupa wenyewe.

Kwa hiyo tuseme fundi wetu safari hii aliandika maneno yote mawili, hati bado iko kwa wakili, na Ijumaa simu inalia: mwenye nyumba ametuma benki 600,000 na kuandika, "Awamu ya kwanza ya suluhu yetu." Akikaa kimya na Jumatatu akapeleka vijana kuziba silikoni, ameanza kutembea njia ya RTS. Anachotakiwa kuandika ni kifupi, na akiandike siku hiyohiyo, ndani ya mfululizo uleule wa barua, na kichwa kilekile juu: "Nimepokea 600,000. Nazihesabu kama sehemu ya 1,850,000. Hati ya suluhu haijatiwa saini, na vijana watakuja ikishatiwa."